Shingo ya Mtu na Shingo ya Gauni

Fundi cherehani wa Ngana, Kyela, akiuliza, "Dada, shingo gani?" haulizi shingo yako. Anauliza ule uwazi wa nguo unaopitisha kichwa: wa mviringo, wa V au wa boti. Neno moja limebeba vitu viwili, na mwenye shingo fupi anaweza kuponzwa nalo. Akisema "shingo yangu fupi," fundi anaweza kuelewa kwamba anataka nguo iliyopanda hadi kooni, nayo ndiyo itakayoimeza shingo yake yote.

Ndiyo maana napendelea tuite uwazi huo mkato wa shingo, na umbali wake wa kushuka tuuite kina. "Urefu wa shingo" haufai, kwa sababu tepu huanzia juu, pale bega linapokutana na shingo, ikateremka kifuani. Urefu wa gauni nao hupimwa kutoka hapohapo. Kwa mwenye misuli iliyonona kati ya bega na shingo, mahali hapo hapaonekani kwa urahisi. Mvalishe mkufu mwembamba: unapotulia ubavuni mwa shingo, hapo ndipo pa kuanzia.

Tuchukue mama mwenye bega pana la inchi 17 anayeshonewa kitenge cha harusi. Akipewa mkato wa boti, mstari wake utalala kutoka bega hadi bega na kuyapanua zaidi. Mikono ya puto itafanya vilevile. Mpe V nyembamba yenye kina cha inchi 7, ili jicho lishuke badala ya kutanda. Nyuma shusha inchi 2, kisogo kipate nafasi. Kwa joto la Kyela atashukuru pia. Mshono wa bega uingie ndani nusu inchi, usizidi hapo, la sivyo mkono utambana akiuinua.

Hapa ndipo wengi huharibu. Fundi akikata inchi 7 kamili kisha akakunja nusu inchi ya mshono, kina kinakuwa inchi 7 na nusu. Tena V hukatwa mshazari, na kitenge kilichokatwa mshazari huvutika. Dalili yake ni kingo kuachama mvaaji anapoinama. Basi fundi akate inchi 6 na nusu, apige mshono mmoja pembeni mwa kingo kabla ya kuzishika, ndipo aweke kitambaa cha kugeuzia ndani.

Kama ni blauzi na sketi, blauzi isiishie kiunoni, maana kifua na mabega vitaonekana kama sanduku. Ishuke hadi chini kidogo ya mfupa wa nyonga, na sketi ifunguke kuelekea chini ili upana wa juu upate mwenzake.

Ukienda kwa fundi, usimwonyeshe picha ya simu peke yake. Mwambie: mkato wa V, kina inchi 7, nyuma inchi 2. Kisha mwombe akupimishe kabla hajakata uzi wa mwisho.