Jina geni kwenye taarifa ya kadi: namna ya kumpata muuzaji halisi

Mteja wa benki jijini Kampala anafungua taarifa ya kadi yake ya mwezi Machi na kukuta shilingi 44,970 za Uganda zimekatwa tarehe 17. Hakumbuki kununua chochote siku hiyo, na mstari unaoeleza malipo hayo haumsaidii:

```
PADDLE.NET* PICHAPRO     LONDON        GB
```

Hajawahi kufika London, wala hajui duka liitwalo Paddle. Wengi katika hali hiyo hupiga simu benki papo hapo, husema wameibiwa, na kadi hufungwa. Mara nyingine huwa wameibiwa kweli. Lakini mara nyingi jina hilo ni la muuzaji wanayemjua vizuri, aliyevaa vazi la mtu mwingine. Mfano huu ni wa kubuni, na programu ya PICHAPRO haipo, ila umbo la mstari ndivyo lilivyo katika taarifa za benki za Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam.

Mstari huo hauandikwi na benki ya mteja. Huandikwa upande wa muuzaji siku anaposajiliwa na benki yake kupokea kadi, kisha husafiri pamoja na kila malipo. Nafasi yake ni finyu: herufi 40 kwa jumla. Katika mpangilio wa Visa, 25 ni za jina, 13 za mji na 2 za nchi. Mastercard huliachia jina herufi 22 tu. Ndiyo maana majina marefu hukatwa katikati ya neno, na ndiyo maana hoteli iliyosajiliwa kwa jina la kampuni mama huonekana kwa jina ambalo halimo kwenye kibao cha mlangoni.

Kwa mauzo ya mtandaoni, nafasi ya mji huweza kubeba namba ya simu au anwani ya tovuti ya huduma kwa wateja badala ya mji. Wanaotumia Uber wameona HELP.UBER.COM mahali ambapo wangetarajia jina la jiji. Anwani hiyo ina herufi 13 kamili. Basi mtu asidharau sehemu hiyo ya mstari. Pengine ndipo lilipo jibu lote.

Alama ya kuangaliwa kwanza, hata hivyo, ni nyota. Kilicho kabla ya nyota kwa kawaida ni kampuni inayomkusanyia muuzaji fedha. Kilicho baada yake ni muuzaji mwenyewe, au bidhaa yake. PAYPAL * hufuatwa na jina la aliyelipwa kupitia PayPal. SQ * ni Square, inayotumiwa na maduka madogo ya Marekani na kwingineko, na TST* ni Toast, mfumo wa migahawa. Jamaa aliyetoka ziarani Marekani akakuta TST* kwenye taarifa yake anatafuta mahali alipokula, si duka.

Paddle ni aina tofauti kidogo. Haikusanyi fedha tu. Kisheria yenyewe ndiyo inayomuuzia mteja, na mtengenezaji wa programu huiuzia Paddle. Kwa hiyo stakabadhi hutoka kwa Paddle, na kodi hutozwa na Paddle. Jambo hilo linamrudisha mteja wetu wa Kampala kwenye hesabu zake.

Alipotafuta kwenye baruapepe neno "dola 10", bei aliyoikumbuka kutoka kwenye tangazo moja la programu ya picha, hakupata kitu. Sababu ni kwamba hakutozwa dola 10. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18, hivyo bei ikawa dola 11.80. Tuseme dola ilibadilishwa kwa shilingi 3,700: hiyo ni shilingi 43,660. Benki yake ikaongeza asilimia 3 kwa ununuzi wa fedha za kigeni, takriban shilingi 1,310, na jumla ikafika 44,970. Anayemsaka muuzaji kwa kiasi cha fedha hana budi kuirudi njia hiyo kinyumenyume, vinginevyo atatafuta namba isiyopo popote.

Tarehe nayo hupotosha. Tarehe 17 ni siku malipo yalipoingizwa kwenye akaunti. Ununuzi wenyewe ulifanyika tarehe 15. Na kama ni huduma yenye majaribio ya bure ya siku saba, kadi ilisajiliwa tarehe 8. Alipotafuta neno "Paddle" katika baruapepe za tarehe 8, na si za tarehe 17, alikuta ujumbe wenye kiasi cha sifuri: uthibitisho wa majaribio aliyoyaanza, akayasahau. Tovuti ya paddle.net, ile ile iliyoandikwa kwenye taarifa, humwezesha mnunuzi kuyatafuta malipo yake na kusitisha usajili.

Utafutaji huu una hatari yake. Matapeli huandaa kurasa zinazojitokeza pale mtu anapoandika jina geni la taarifa yake kwenye mtandao, zikiwa na namba ya "huduma kwa wateja". Muuzaji wa kweli huweza kuyapata malipo kwa tarehe, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi. Anayeomba namba kamili, tarakimu tatu za nyuma ya kadi au msimbo uliotumwa kwa simu, hatafuti malipo.

Ikiwa nyota, baruapepe na hesabu havikuzaa kitu, benki iliyotoa kadi inaona zaidi ya inavyochapisha. Inauona msimbo wa tarakimu nne wa aina ya biashara: 5812 ni mgahawa, 7011 ni hoteli, 4722 ni wakala wa safari. Msimbo huo pekee humkumbusha mtu mengi. Inayo pia namba ya marejeo ya muamala, iitwayo ARN, yenye tarakimu 23. Tarakimu ya 2 hadi ya 7 huitambulisha benki ya muuzaji, na ya 8 hadi ya 11 huonyesha tarehe: 5074 ni siku ya 74 ya mwaka unaoishia na 5, yaani Machi 15, 2025. Kwa namba hiyo benki ya muuzaji huweza kuufikia muamala mmoja miongoni mwa maelfu. Karani wa dirishani huenda asiione; iombwe kwa kitengo cha kadi. Na haipo kwa malipo ambayo bado yanasubiri kukamilishwa. Hayo husubiriwa siku chache, na mara nyingine jina lenyewe hubadilika yanapokamilika.

Kupinga malipo halali kuna gharama. Kadi hubadilishwa, usajili mwingine wote uliofungwa kwenye namba ya zamani hukwama, na muuzaji kwa kawaida hutozwa ada na benki yake hata akishinda. Lakini malipo madogo yasiyotambulika kabisa, hasa mawili au matatu yakifuatana, yasisubiri uchunguzi. Wezi huijaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kuchota kikubwa. Hapo kadi inafungwa kwanza, muuzaji anatafutwa baadaye. Kwa madai ya ulaghai, kanuni za Visa na Mastercard huipa benki siku 120, ila benki huweza kumwekea mteja wake muda mfupi zaidi, na muda huo huwa umeandikwa katika masharti ya kadi.