Kadi ya mgeni si kibali cha kazi

Jirani yangu wa Umoja ana hoteli Eastleigh. Juzi alinionyesha kadi ya mgeni ya mpishi kutoka Yemen. Ilibakisha miezi minane, naye akaona yatosha. Nikamwambia kadi hiyo yaonyesha tu kuwa mtu amesajiliwa kukaa nchini. Cha kumruhusu kazi ni kibali chenyewe. Mpishi akakileta. Ni cha daraja D, hakijaisha, lakini kimeandikwa jina la tajiri mwingine! Cha D humfunga mtu kwa mwajiri na kazi iliyotajwa, hahami nacho. Angekuwa mkimbizi, tungetafuta daraja M. Basi jirani akashika njia ya Nyayo House, athibitishe nambari na kuulizia kibali kipya kabla mpishi hajagusa sufuria.