Paneli ya sola ikizeeka: utapata umeme kiasi gani baada ya miaka 20?

Kambi ya Mantapala ilipofunguliwa mwanzoni mwa 2018, familia nyingi zilizovuka kutoka Kongo zilianza maisha wilayani Nchelenge kwa taa ndogo ya sola. Leo paneli zipo juu ya vibanda vya kuchaji simu, saluni na nyumba, kambini na kwa wenyeji wa Kashikishi na vijiji vya ufuo wa Mweru. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba na ZESCO kukata umeme kwa saa nyingi, sola ilitafutwa kote Zambia, hata na wenye nyaya za umeme.

Sasa paneli za zamani zinauzwa na kununuliwa. Mmoja anauza yake kwa bei ya kutupa kwa sababu "imechoka". Mwingine ananunua mpya kwa sababu ameambiwa ina dhamana, yaani garanti, ya miaka 25. Wote wawili wanaweza kupoteza pesa. Makala hii inakueleza paneli inavyozeeka kweli, dhamana inasema nini, na jinsi ya kupima mwenyewe kabla hujauza au kununua.

Paneli inapoteza nguvu kiasi gani?

Paneli nzuri ya kioo haifi ghafla. Katika mwaka wa kwanza hupoteza kama asilimia 2 ya nguvu yake, kisha hupungua polepole, kwa kawaida kati ya nusu asilimia na asilimia 1 kila mwaka. Paneli ya wati 100 iliyofungwa mwaka 2018 itafikisha miaka 20 mwaka 2038. Ikiwa nzuri na imetunzwa, itakuwa na wati 88 hivi. Ikiwa imepata joto kali na unyevu mwingi, itakuwa na wati 79 au 80. Kwa hesabu za kawaida, weka 85.

Haya yamekwisha kuonekana. Huko Lugano, Uswisi, paneli zilifungwa juu ya paa mwaka 1982. Zilipopimwa baada ya miaka 35, nyingi bado zilikuwa na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake za mwanzo.

Lakini hesabu hii ni ya paneli zenye kioo mbele na fremu ya aluminiamu. Vipaneli vidogo vya taa za mkononi, vilivyofunikwa kwa plastiki badala ya kioo, huwa vya njano na kupasuka uso baada ya miaka michache. Hivyo usivitarajie kufika miaka 20.

Maana yake nyumbani ni nini?

Wati 100 zilizoandikwa kwenye paneli zimepimwa kiwandani, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya bati saa sita mchana paneli hufika nyuzi 60, na joto hilo peke yake huondoa zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Vumbi, nyaya na betri navyo huchukua sehemu yao. Kwa hiyo hata paneli mpya hukupa kama asilimia 70 ya kile ulichodhani umenunua.

Tufanye hesabu. Tuseme siku ina jua linalolingana na saa 5 za jua kamili. Paneli mpya ya wati 100 itatoa 100 × 5 × 0.7, yaani wati-saa 350. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100. Zinabaki 250. Simu ya kisasa moja, ukihesabu na upotevu, huhitaji kama wati-saa 20. Basi unaweza kuchaji simu 12.

Baada ya miaka 20, paneli hiyo ikiwa na wati 85, itatoa wati-saa 300 hivi. Taa ni zilezile nne, na simu ni 10.

Tofauti ni simu mbili kwa siku. Ukiona kibanda kilichokuwa kikichaji simu 12 sasa kinachaji nne, tatizo si uzee wa paneli. Mara nyingi ni betri. Betri ya asidi hudumu miaka 2 hadi 5 tu. Katika umri wa paneli moja utabadilisha betri mara kadhaa. Watu wengi huuza paneli nzima kwa kosa la betri.

Dhamana ya miaka 25 inasema nini hasa?

Kwenye karatasi za paneli kuna dhamana mbili, na wauzaji huzichanganya.

Ya kwanza ni dhamana ya bidhaa. Hii inahusu makosa ya kiwanda: kioo kinachoachana na fremu, maji yanayoingia ndani, kisanduku cha nyaya kinachofunguka. Mara nyingi ni miaka 10 au 12, na kampuni nyingine hutoa zaidi.

Ya pili ni dhamana ya nguvu. Hii ndiyo ya miaka 25. Haisemi kwamba paneli itafanya kazi kama mpya kwa miaka 25. Inasema kwamba mwaka wa 25 itakuwa bado na asilimia fulani, mara nyingi 80 au zaidi kidogo. Ikiwa ahadi ni asilimia 80 na paneli yako ya wati 100 ikafika wati 82 baada ya miaka 25, kampuni haina deni kwako. Imetimiza ahadi.

Hata ikishuka chini ya hapo, ni wewe wa kuthibitisha. Kwa kawaida utaombwa risiti, namba ya pekee ya paneli, na vipimo vya maabara, na gharama za kuisafirisha zinaweza kuwa juu yako. Dhamana haihusu paneli iliyovunjika, iliyopigwa na radi au iliyofungwa vibaya. Na kama aliyeagiza paneli hizo amefunga ofisi, huna wa kumdai.

Kwa mtu wa Nchelenge, dhamana yenye faida ni ile ya dukani: mwaka mmoja au miwili, iliyoandikwa kwenye risiti, kutoka kwa muuzaji unayeweza kumfikia. Muuzaji akikuonyesha bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", jua kwamba sheria ya Zambia ya kulinda watumiaji, ya mwaka 2010, inakataza mabango hayo. Kwa bidhaa yenye kasoro unaweza kulalamika kwa CCPC.

Je, wati zilizoandikwa ni za kweli?

Paneli nyingi zinazoitwa "zimechoka" hazikuwahi kuwa na nguvu hiyo. Kuna njia rahisi ya kujua, na haihitaji kifaa chochote isipokuwa futi kamba. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba.

Mfano: unaonyeshwa sokoni paneli iliyoandikwa wati 300. Unaipima: urefu mita 1, upana sentimita 67. Eneo lake ni 1 × 0.67, yaani mita za mraba 0.67. Zidisha kwa 200: unapata wati 134. Paneli ya ukubwa huo haiwezi kutoa 300, iwe mpya au ya zamani. Lipa bei ya paneli ya wati 100 hadi 130, au usinunue.

Jinsi ya kupima paneli ya zamani

Kwa hatua inayofuata unahitaji mita ya kupimia umeme, ambayo fundi wa simu anayo. Pima siku isiyo na mawingu, kati ya saa tano na saa nane mchana, paneli ikiwa safi na ikitazama jua. Kwanza itoe kabisa kwenye betri na kwenye kontrola ya chaji.

1. Soma kibandiko nyuma ya paneli. Tafuta Voc, ambayo ni volti paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, na Isc, ambayo ni ampea za juu kabisa. Paneli ya wati 100 ya kuchajia betri ya volti 12 huwa na Voc kama 21 au 22 na Isc kama 6.

2. Pima volti. Paneli ikiwa ya moto utapata 19 au 20. Usiogope, hilo ni joto. Lakini ukipata 10 au 11, nusu ya paneli haifanyi kazi. Mara nyingi ni diodi iliyoungua ndani ya kisanduku cha nyaya. Ni kipuri cha bei ndogo, na fundi anaweza kukibadilisha.

3. Pima ampea. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, funika paneli kwa kitambaa, unganisha, kisha ifunue. Usifanye hivi kamwe kwenye betri, wala kwa paneli kubwa ambayo Isc yake inazidi 10. Utaunguza mita au mkono.

Ampea hubadilika na jua, kwa hiyo namba moja peke yake haikuambii mengi. Weka paneli mpya ya aina hiyohiyo kando yake na upime zote mbili kwa dakika zilezile. Mpya ikitoa ampea 5.6 na ya zamani 5.0, ya zamani ina kama asilimia 89. Kipimo hiki hakionyeshi upotevu wote, maana nyaya za ndani zilizopata kutu hupunguza nguvu bila kupunguza sana ampea hizi. Lakini kinatosha kutenganisha paneli nzima na iliyokufa.

Kisha itazame kwa macho. Rangi ya kahawia kidogo juu ya seli ni uzee wa kawaida. Alama nyeusi za kuungua, mapovu yanayofika ukingoni, kutu kwenye mistari ya ndani au karatasi ya nyuma iliyopasuka ni dalili kwamba maji yanaingia. Paneli hiyo masika yatailiza, na inaweza kukupiga shoti. Usiinunue hata kwa bei ndogo.

Siku ya kwanza, andika

Ukinunua paneli leo, pima volti na ampea siku hiyohiyo. Ziandike nyuma ya risiti pamoja na tarehe, saa na namba ya pekee, kisha piga picha. Bila namba hizo, hutaweza kumwonyesha muuzaji wala mnunuzi kwamba paneli imeshuka au haijashuka.

Wakati wa kuifunga, itazamishe kaskazini na kuiinamisha kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Kiangazi, wakati wa vumbi na moshi wa mashamba, ioshe asubuhi kabla haijapata moto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Usitumie mchanga. Ukiibeba kwa baiskeli, isimamishe kwa ukingo na uifunge na godoro au blanketi: seli hupasuka ndani hata kioo kikiwa kizima, na ufa huo huutauona kwa macho mpaka ampea zianze kushuka.