Mnyororo wa visababishi

Mnyororo wa visababishi katika insha ya sayansi ni maelezo ya mchakato ambamo tokeo la kila hatua ndilo kisababishi cha hatua inayofuata.

Mfano ni bwawa la perege. Kingolwira, mkoani Morogoro, kuna kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki. Mwanafunzi akiandika "samadi ikizidi bwawani, samaki hufa", ameruka hatua zote za katikati, na msomaji atadhani samadi ni sumu.

Maelezo kamili ni haya:

# Samadi huoza na kutoa nitrojeni na fosforasi.
# Virutubisho hivyo huwezesha mwani kuongezeka.
# Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa usanisinuru, kuliko inayotumika bwawani.
# Usiku hakuna nuru, hivyo usanisinuru husimama. Mwani, samaki na bakteria wanaoozesha samadi huendelea kutumia oksijeni.
# Kwa hiyo oksijeni hupungua usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko.
# Samaki hupanda juu kutweta, kwa kuwa maji yanayogusa hewa yana oksijeni zaidi. Isipotosha, hufa.

Hatua inayosahaulika mara nyingi ni ya nne. Bila hiyo, mwani unaotoa oksijeni unaonekana kusababisha upungufu wake.

Maelezo hupimwa kwa kulinganishwa na dalili: sumu ingeweza kuua saa yoyote, lakini samaki wanaotweta alfajiri na kutulia jua likipanda huonyesha upungufu wa oksijeni.