Rezista yenye kahawia pande zote mbili: Unaanza kusoma wapi?

Umetumiwa picha ya bodi ya saketi kwenye simu. Rezista moja ya bluu ina mistari mitano: kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. Ukianza kushoto unapata omu 10,000. Ukianza kulia unapata omu 120. Zote mbili zipo madukani, hivyo ukikosea upande unanunua kitu kingine kabisa.

Namba za rangi

Nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9.

Hesabu yake

Kwenye mistari mitano, mitatu ya kwanza ni tarakimu. Wa nne unakwambia uongeze sifuri ngapi. Wa tano ni tofauti inayoruhusiwa, na kahawia hapo ni asilimia 1.

Kutoka kushoto: 1, 0, 0, kisha sifuri mbili. Ni omu 10,000, na kipimo halisi kiwe kati ya 9,900 na 10,100.

Kutoka kulia: 1, 2, 0, bila sifuri ya kuongeza. Ni omu 120.

Rezista za mistari minne mara nyingi hazina utata huu. Mwisho wake huwa dhahabu (asilimia 5) au fedha (asilimia 10), rangi ambazo hazina tarakimu, kwa hiyo haziwezi kuwa mwanzo.

Kujua upande sahihi

Vuta picha uangalie nafasi. Mstari wa mwisho kwa kawaida hukaa mbali kidogo na wenzake, au huwa mnene zaidi. Lakini kwenye rezista ndogo nafasi huonekana sawa.

Hapo angalia kazi yake. Tuseme inatoka kwenye volti 5 kwenda kwenye kitufe kinachounganisha na hasi. Kwa omu 10,000, kitufe kikibonyezwa inapita miliampia 0.5 tu. Kwa omu 120 ingepita karibu miliampia 42, umeme mwingi bure kwa kitufe. Hivyo 10,000 ndiyo yenye mantiki.

Picha nayo hudanganya

Chini ya taa ya njano, kahawia, nyekundu na chungwa hufanana. Omba picha nyingine ya mchana, isiyo na flashi.

Multimita inamaliza ubishi

Zima umeme, subiri kapasita ziishiwe chaji, kisha pima. Rezista ikiwa bado kwenye bodi, njia nyingine za saketi hushusha kipimo, hazikipandishi. Ukisoma omu 6,000, rezista nzima ya 120 haiwezekani. Ukisoma 120, usiamini bado: ng'oa mguu mmoja upime tena. Na kama imeungua, kipimo hakitakusaidia. Rudi kwenye rangi na kazi yake.