Herufi baada ya nukta

Andika TOL kwenye skrini ya dalali wa New York, utaletewa bei ya Toll Brothers, wajenzi wa nyumba za kifahari. Andika herufi hizo hizo Dar es Salaam, utapata TOL Gases, watengenezaji wa oksijeni ya hospitali na viwanda, ambao hisa zao ndizo zilizofungua mauzo ya Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998. Hakuna aliyemwigiza mwenzake. Kila soko hujigawia vifupisho vyake, na kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kuulizana.

Vifupisho hivyo vilizaliwa na mashine. Mwaka 1867 Edward Calahan alibuni huko New York chombo cha telegrafu kilichochapa bei kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Kuchapa jina zima la kampuni kulikula muda na karatasi, kwa hiyo majina yakakatwa hadi herufi chache, na wakubwa wengine wakabaki na moja tu. Ford hadi leo ni F. Utepe ulibeba bei za soko moja, na msomaji alijua ni lipi.

Shida ilikuja pale masoko ya nchi nyingi yalipokutana kwenye skrini moja. Shirika la Reuters la London lilikuwa likiuza bei kwa kompyuta tangu miaka ya 1960, na baadaye likaunganisha data za masoko yote katika mtandao mmoja. Hapo ndipo zilipoenea alama zake zinazoitwa RIC: kifupisho cha kampuni, nukta, kisha herufi za soko. `TOL.N` ni ya New York, `TOL.TZ` ya Dar es Salaam, `VOD.L` ni Vodafone ya London, `SCOM.NR` ni Safaricom ya Nairobi. Bloomberg, mpinzani wake, aliacha nafasi badala ya nukta na kuchagua herufi zake mwenyewe, ndiyo maana Safaricom kwake ni `SAFCOM KN`.

Tazama vizuri utaona kwamba herufi hizo hazitaji nchi kila mara. NR ni mji, TZ ni nchi. Marekani ina N ya New York na O ya Nasdaq, masoko mawili ya nchi moja. Nukta yenyewe nayo ina hila: Wamarekani wakiandika BRK.B, hiyo B si soko lolote, ni daraja la pili la hisa za Berkshire Hathaway. Ili isichanganywe na soko, Reuters huiandika `BRKb.N`, daraja kwa herufi ndogo, soko baada ya nukta.

Kwetu mfano mzuri ni KCB. Benki hii ya Kenya iliorodheshwa Kampala na Dar es Salaam mwaka 2008, kisha Kigali mwaka 2009, huku nyumbani kwake kukibaki Nairobi. Hisa ni ile ile, na namba yake ya kimataifa ya utambulisho huanza na KE popote inapouzwa, kwa sababu namba hiyo hufuata nchi ilikotolewa hisa. Soko hutambulishwa na alama ya mwisho peke yake, na soko ndilo linaloamua sarafu. Mwenye kukosea herufi hizo ataisoma shilingi ya Tanzania kana kwamba ni ya Kenya. Tena hisa za Kenya huuzwa kwa nadra Dar, hivyo bei unayoiona inaweza kuwa ya zamani. Kabla ya kulinganisha, angalia sarafu, kisha tarehe ya mauzo ya mwisho.

Alama zilipozoeleka, zikageuka pingu. Mabenki yalikuwa yameziandika ndani ya programu zao kila mahali, na Reuters, iliyokwisha kuungana na Thomson mwaka 2008, iliwakataza wateja kuzitumia kuchukulia data ya muuzaji mwingine. Washindani nao walizuiwa kutengeneza majedwali ya kuzioanisha na alama zao. Aliyetaka kuhama ilimbidi afumue programu zake na kuzishona upya, gharama iliyowafanya wengi waone heri kubaki. Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi mwaka 2009, na Desemba 2012 ikaifunga Thomson Reuters kwa ahadi zake yenyewe: mteja ataruhusiwa, kwa malipo ya kila mwezi, kuendelea kutumia alama hizo hata akinunua data kwingine.

Biashara hiyo ya data baadaye ilitengwa na kupewa jina la Refinitiv, nayo mwaka 2021 ikanunuliwa na kampuni inayomiliki Soko la Hisa la London. Kwa hiyo mwenye herufi za masoko yote sasa ni mmojawapo wa wenye masoko, yule wa `.L`.