Kamisheni, Sufuria na Saa Saba ya Mchana: Hesabu ya Jiko la Nyumbani Masakta

Juni 2022 kampuni ya Kune Foods ya Nairobi, iliyopika milo na kuwapelekea wateja, ilifunga shughuli zake. Wateja ilikuwa nao kwa maelfu, lakini mwanzilishi wake alieleza kuwa dola 3 kwa mlo hazikutosha kuiendesha. Mwishoni mwa 2023 Jumia nayo ikafunga huduma yake ya chakula, Kenya na Uganda zikiwemo. Anayetaka kupikia nyumbani Masakta, wilayani Hanang, na kuuza kwa oda, aanze na hesabu ya sahani moja kabla ya kutafuta wateja.

Tuchukue wali maharage, kwa bei za mfano. Mchele gramu 150 ni shilingi 450, maharage gramu 100 ni 250, mafuta, kitunguu na nyanya 200, mkaa 150, kifungashio 250. Jumla ni 1,300. Mpishi akitaka abaki na 700 za jasho lake, anahitaji kupokea 2,000. Sasa programu ya simu inadai kamisheni ya asilimia 25. Wengi huongeza robo juu ya 2,000 na kuuza kwa 2,500. Hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu kamisheni hukatwa kwenye bei ya kuuzia: zinaondoka 625, zinabaki 1,875. Kwa sahani 40, shilingi 5,000 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Hesabu sahihi ni kugawa 2,000 kwa 0.75, nayo inatoa takriban 2,670. Je, mteja wa Masakta atailipa? Nina shaka kubwa.

Jiko nalo lina kikomo chake. Sufuria inayoivisha kilo 3 za mchele hutoa sahani 20, na kuchemsha mpaka kupalia huchukua karibu saa nzima. Kwa jiko moja la wali, kati ya saa tano na saa saba zinatoka sahani 40, basi. Oda ya arobaini na moja itafika mteja ameshakula kwingine. Maharage ni magumu zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo yanakawia kuiva kuliko Dar es Salaam, na jiko la pili linashikwa asubuhi nzima.

Kwa hiyo naona bodaboda anayelipwa kwa safari anafaa kuliko kamisheni, ilimradi oda zikusanywe. Akilipwa 2,000 kupeleka sahani 10 shuleni au zahanati, kila sahani inabeba 200 tu, na bei ya 2,200 inatosha. Akipeleka sahani moja, gharama hiyo inaizidi hata kamisheni. Ndiyo maana oda zinapaswa kufungwa jioni ya kuamkia siku ya mauzo, kabla maharage hayajalowekwa.